Kufunga barua kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani: neno lipi umwandikie nani

Ukiishi Ngonga, au popote kati ya mto Songwe na Matema, kuna uwezekano mkubwa kwamba siku moja utamwandikia mtu wa Ulaya. Wamisionari wa Moravian na wa Misheni ya Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na mpaka leo baadhi ya sharika zetu zina sharika rafiki Ujerumani. Kakao ya Kyela inasafiri kwenda kwa wenye viwanda vya chokoleti ng'ambo. Jirani zetu wa Malawi wanaandika barua za ofisi kwa Kiingereza, na anayefanya biashara na Kongo hukutana na Kifaransa. Barua yenyewe mara nyingi tunaimudu. Tatizo linakuja pale chini kabisa, juu ya jina na sahihi, kwenye yale maneno mawili matatu ya kuagia.

Maneno hayo nayaita hapa maneno ya kufungia barua. Kwa Kiswahili tunayo yetu. Barua ya ofisi inaishia na "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa taifa", na ya nyumbani inaishia na "Wako akupendaye" au "Ni mimi mwanao". Makosa mengi yanaanzia hapo, kwa sababu mtu anachukua maneno haya na kuyageuza moja kwa moja. Ukimwandikia Mwingereza wa leo kwamba wewe ni mtiifu wake, atadhani barua imetoka kwenye kabati la zama za ukoloni, wakati maofisa wa serikali walipofunga barua kwa "Your obedient servant". Na ukimwandikia mfadhili wa shule kwamba wewe ndiwe umpendaye, atashtuka. Kwa hiyo usitafsiri. Chagua neno ambalo wao wenyewe hulitumia kwa mtu wa ukaribu ulio nao.

Swali la kwanza ni hili: nitajuaje ukaribu wangu na mtu huyo ni wa kiasi gani? Fungua barua yake ya mwisho, tazama alivyoanza na alivyomaliza. Katika lugha zote tatu, mwanzo na mwisho wa barua vinakwenda pamoja. Aliyekuanza kwa heshima ya mbali hawezi kukuaga kama ndugu, na aliyekuita kwa jina lako la ubatizo hatakuaga kama hakimu. Wewe jibu kwa kiwango kile kile alichokitumia. Ikiwa ni wewe unayeandika kwanza, anzia kwenye kiwango cha heshima na umwache yeye asogee karibu. Ni rahisi kusogea karibu taratibu. Kurudi nyuma ni vigumu, kwa sababu kunasomeka kama hasira.

Tuanze na Kiingereza, kwa kuwa wengi tulikigusa shuleni. Barua ya ofisi ya Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa Tanzania na wenzetu Malawi, ina jozi mbili. Kama hujui jina la unayemwandikia, unaanza na "Dear Sir or Madam" na unamaliza na "Yours faithfully". Kama unamjua kwa jina la ukoo na umemtaja, unamaliza na "Yours sincerely". Ukiangalia maana ya maneno yenyewe, la kwanza linadai uaminifu na la pili ukweli wa moyo, na mtu anaweza kudhani la kwanza ndilo lenye upendo zaidi. Ni kinyume. "Yours faithfully" ni kwa mgeni kabisa, na "Yours sincerely" ni hatua moja karibu. Herufi kubwa ni ile ya kwanza tu, na "faithfully" ina l mbili na y mwishoni. Barua nyingi za maombi ya kazi zimeandikwa "Yours Faithfull", na msomaji huliona kosa hilo kabla hajaangalia vyeti.

Kwenye baruapepe jozi hizo zimepungua. Neno la kawaida sasa ni "Kind regards" au "Best regards", yaani salamu njema, na linamfaa karibu kila mtu wa kazini. Karibu zaidi kidogo ni "Best wishes", ambalo ni la mtu mnayefahamiana. "Warm regards" linaonyesha ukunjufu wa wazi, nalo linamfaa mtu mliyekwisha kufanya naye kazi au kumpokea nyumbani. "Regards" peke yake ni kavu. Mtu aliyezoea kukuandikia "Kind regards" akakuandikia siku moja "Regards" tupu, soma barua yake tena taratibu, huenda kuna jambo halijampendeza. Huenda pia alikuwa na haraka, kwa hiyo usihukumu kwa neno hilo tu.

Lipo neno moja la Kiingereza linalowatia watu wasiwasi, nalo ni "Love". Mama wa Kiingereza aliyewahi kujitolea hospitalini, akamwandikia muuguzi wa huku na kumalizia "Love" kisha jina lake, hajatangaza mapenzi. Wanawake huandikiana hivyo kwa urafiki wa kawaida, na jamaa wote huandikiana hivyo. Mwanamke akikuandikia hivyo nawe ni mwanamke, unaweza kumjibu vivyo hivyo. Kama wewe ni mwanamume, jibu kwa "With best wishes", nalo halitamkatisha tamaa. Lakini usiunde maneno kama "Yours lovely". Hayo si Kiingereza cha kufungia barua, ingawa yamezoeleka kwenye barua za wanafunzi. Wamarekani wao ni rahisi zaidi: barua rasmi humalizika na "Sincerely", na kwao "Yours faithfully" husikika kama kitu cha kigeni. Kwa barua za kanisa, "Yours in Christ" inafaa pande zote.

Kijerumani ndicho kitakachowafaa watu wengi wa huku, kwa sababu ya sharika rafiki, na ndicho chenye ngazi zilizo wazi kuliko zote. Kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Ngazi ya kwanza ni "Mit freundlichen Grüßen". Neno kwa neno ni "pamoja na salamu za kirafiki", lakini halimfanyi mtu kuwa rafiki. Benki huandika hivyo, ofisi ya kodi huandika hivyo, na daktari asiyekufahamu pia. Ndilo neno la heshima ya kawaida, na halimkosei mtu yeyote. Linakwenda na mwanzo wa "Sehr geehrter Herr" kwa mwanamume au "Sehr geehrte Frau" kwa mwanamke, kisha jina la ukoo. Wapo wanaolifupisha kuwa "MfG". Usifanye hivyo katika barua kwa mtu unayemheshimu, kwa kuwa herufi tatu zinasema hukupata muda wa kuandika maneno matatu.

Ngazi ya pili ni "Viele Grüße" au "Beste Grüße", salamu nyingi na salamu njema. Hapo mtu amelegea kidogo, na mara nyingi mwanzo wa barua nao umebadilika kuwa "Liebe Frau" au "Lieber Herr". Neno "liebe" linatokana na kupenda, lakini hapa ni kama tunavyosema "mpendwa" mwanzoni mwa barua, si zaidi. Ngazi ya tatu ni "Herzliche Grüße", salamu za moyoni. Mjerumani halitoi neno hili ovyo kwa mtu asiyemjua. Akikupa, amekuhesabu miongoni mwa watu wake. Ngazi ya nne ni "Liebe Grüße", ambayo vijana huifupisha "LG". Hii ni ya marafiki na jamaa, na kwa kawaida huenda pamoja na kuitana kwa jina la kwanza na kutumia "du", yaani wewe wa mtu wa karibu, badala ya "Sie", ambayo ni wewe ya heshima. Usiitumie kabla yeye hajakuita hivyo.

Liko neno jingine ambalo linadanganya sana wageni, "Hochachtungsvoll". Tafsiri yake ni "kwa heshima kubwa", na mtu anayetaka kuonyesha adabu huweza kulichagua kwa furaha. Katika barua za zamani, za wakati Mjerumani alipokuwa Langenburg, lilikuwa neno la adabu kweli kweli, na ukiliona kwenye nyaraka za wakati huo lisome hivyo. Leo limebaki karibu kwa barua za madai, maonyo na mawakili. Heshima imebaki ndani yake, lakini ukunjufu umeondoka wote. Likifika kwenye barua yako leo, tafuta mahali palipoandikwa tarehe ya mwisho ya kulipa au kujibu.

Sasa tuchukue mfano wa usharika mmoja wa kandokando ya ziwa, wenye rafiki Ujerumani, na tufuate barua zao kwa mwaka mmoja. Mfano ni wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kawaida. Barua ya kwanza inatoka kwa mama mwenyekiti wa kamati ya urafiki kule. Ameanza "Sehr geehrter Herr" na jina la ukoo la katibu wetu, akamaliza "Mit freundlichen Grüßen". Katibu anajibu kwa maneno yale yale. Ni sawa kabisa, hapo hajapungukiwa wala hajazidisha.

Miezi inapita, wageni wanakuja, wanalala kwenye nyumba za Wakristo, wanakula wali wa Kyela na samaki, wanaimba na kwaya. Wakirudi kwao, yule mama anaandika tena. Safari hii anaanza "Lieber Herr" na kumaliza "Herzliche Grüße". Kwa hatua moja amepanda ngazi mbili. Katibu, ambaye ameinakili barua yake ya kwanza ili asikosee, anajibu tena "Mit freundlichen Grüßen". Hajaandika tusi lolote. Lakini yule mama, aliyetoa salamu za moyoni akapokea salamu za ofisini, atajiuliza kama walimuudhi mtu walipokuwa huku. Kinga ya jambo hili ni kuisoma barua ya mwisho kila mara kabla ya kujibu, na kutojibu kwa kunakili barua ya zamani. Akijibu "Herzliche Grüße aus Kyela", yaani salamu za moyoni kutoka Kyela, amemaliza kazi. Kuongeza jina la mahali hivyo ni desturi nzuri ya Kijerumani na kunaongeza ukunjufu bila kuvuka mpaka.

Kisha mwishoni mwa mwaka inakuja barua ya tatu. Inahusu ripoti ya fedha walizochangia za kununulia bati, ambayo imechelewa. Inaanza "Sehr geehrter Herr" na kumaliza "Mit freundlichen Grüßen". Katibu anaogopa: je, wamekasirika? Hapo kuna mambo matatu ya kutazama kabla ya kupoteza usingizi. Tazama kama karatasi ina nembo ya usharika wao juu, kama imesainiwa na watu wawili, na kama nakala imepelekwa kwa wengine. Ikiwa ndivyo, hiyo ni barua ya kikao, na Mjerumani huandika barua ya kikao kwa lugha ya kikao hata kama anayeandikiwa ni rafiki yake wa siku nyingi. Urafiki uko pale pale. Mjibu kwa barua rasmi yenye "Mit freundlichen Grüßen" na ripoti yenyewe ndani. Lakini kama ni baruapepe ya mtu mmoja, aliyekuwa anakuandikia "Herzliche Grüße", na sasa amerudi chini pasipo sababu ya ofisi, basi ndiyo, amepoa. Mpelekee ripoti haraka, eleza kilichochelewesha kwa maneno machache, na ufunge kwa "Herzliche Grüße" kama ulivyozoea. Usimfuate kushuka. Ukishuka naye, utakuwa umekubali kwamba urafiki umepungua.

Kwa barua za kanisa kuna maneno ya peke yake yenye joto bila kuvunja heshima: "Mit geschwisterlichen Grüßen", salamu za kindugu, kwa wanaume na wanawake pamoja, na "Mit herzlichen Segenswünschen", pamoja na kukutakia baraka kwa moyo. Mchungaji kwa mchungaji, au usharika kwa usharika, maneno hayo ni salama hata katika barua ya kwanza.

Na sasa alama ndogo inayomwonyesha Mjerumani kwamba umejifunza: baada ya maneno ya kufungia, kwa Kijerumani hakuna mkato. Kwa Kiingereza, na kwa salamu fupi za Kifaransa, unaweka mkato kisha jina linafuata chini. Kwa Kijerumani unaandika salamu, unashuka mstari, unaandika jina.

Kifaransa kina desturi tofauti kabisa. Barua rasmi ya Kifaransa haifungwi kwa maneno mawili matatu, inafungwa kwa sentensi nzima. Tuseme ushirika wa wakulima unamwandikia mnunuzi wa kakao asiyejulikana kwa jina. Barua imeanza "Madame, Monsieur," basi mwisho wake utakuwa hivi: "Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées." Maana yake ni kwamba nakuomba upokee, Bibi, Bwana, salamu zangu za heshima. Yale maneno ya katikati lazima yawe yale yale uliyoanzia. Ukianza "Madame la Directrice," basi katikati pia ni "Madame la Directrice". Anayenakili sentensi kutoka barua nyingine akasahau kubadili hapo, hujulikana mara moja.

Usione urefu wake ukadhani kuna upendo mwingi ndani. Sentensi hiyo ni ya baridi tu, hata mwenye nyumba anayedai kodi ataimalizia barua yake hivyo. Ukunjufu unaingia kwa kubadilisha lile neno la mwisho. "Mes meilleures salutations" ni laini kidogo. "L'expression de mes sentiments les meilleurs" ni laini zaidi, lakini hapo angalia: kwa adabu ya zamani, ambayo wazee bado wanaijali, mwanamume hampelekei mwanamke asiye jamaa yake "sentiments", yaani hisia zake. Anampelekea salamu. Na ukimwandikia mkubwa wako, tumia "Je vous prie d'agréer", ambayo inaomba, badala ya "Veuillez agréer", ambayo ina sauti ya kuagiza kidogo.

Kosa jingine linatokea pale mtu anapotaka kuomba jibu. Wengi huandika "En attendant votre réponse, veuillez agréer". Kwa kanuni za Kifaransa sentensi hiyo inamfanya anayeandikiwa ndiye anayesubiri jibu lake mwenyewe. Andika "Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer", na sentensi iliyobaki ifuate kama hapo juu.

Kwenye baruapepe Mfaransa amepunguza yote hayo kuwa "Cordialement". Neno limetoka kwenye moyo, lakini limetumika sana mpaka limekuwa la kawaida, sawa na "Mit freundlichen Grüßen". "Bien cordialement" linaongeza ukunjufu kidogo, na "Bien à vous" ni la watu waliozoeana kikazi. "Amicalement" ni la urafiki wa kweli. Baada ya hapo yapo "Je t'embrasse" na "Bises", yanayotaja kukumbatia na busu. Hayo ni ya jamaa na marafiki wa karibu, na huandikwa bila nia yoyote ya uchumba. Yapokee kwa amani, usiyaanzishe wewe. Ndugu wa kanisa wa Kongo watakuandikia "Fraternellement", kindugu, nawe uwarudishie neno hilo hilo.

Gharama ya kuandika vizuri haizidi bando la simu au ada ya duka la stesheneri, na ni vema uulize bei ya kuchapa ukurasa kabla hujaanza. Herufi ngeni zipo kwenye simu yako tayari. Kwenye simu janja, bonyeza herufi u bila kuachia na ü itatokea juu yake, bonyeza s utapata ß, bonyeza e utapata é. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vitufe vya namba pembeni, shikilia Alt na uandike 0252 kwa ü, 0223 kwa ß na 0233 kwa é. Zikikushinda kabisa, Wajerumani wanakubali "Gruessen", ambapo ue imechukua nafasi ya ü na ss nafasi ya ß. Waswisi huandika "Grüssen" siku zote, kwa hiyo ukiiona kwenye barua yao si kosa.

Mwisho, angalia unavyoandika jina lako chini ya salamu. Ulaya hawawezi kujua kama Ambakisye, Tumpe au Anyosisye ni mwanamume au mwanamke, na bila kujua hilo Mjerumani atashindwa kuchagua kati ya "Herr" na "Frau". Chukua jina Atupele. Kwetu wasichana wengi wanaitwa hivyo, na ng'ambo ya Songwe yuko mwanasiasa maarufu Atupele Muluzi, ambaye ni mwanamume. Andika jina lako kamili, la ukoo likiwa la mwisho, na mbele yake katika mabano weka "Mr" au "Ms" kwa barua ya Kiingereza, "Herr" au "Frau" kwa ya Kijerumani, "M." au "Mme" kwa ya Kifaransa. Chini ya jina andika cheo chako, kama ni katibu au mhazini, kisha Ngonga, Kyela, Tanzania.